Sentensi ya mvua

Barua ya kuwasilisha zabuni niliiandika mimi. Mama hakumaliza darasa la saba na nilikuwa likizo, basi kazi ikanishukia. Miaka mitatu alikuwa akipika chakula cha mchana cha mafundi wa kambi ya kampuni ya gesi, hapa Msimbati. Mkataba ulikuwa unaisha. Tukikosa zabuni mpya, yeye na mama mdogo, dada yake anayepika naye, hawana kazi nyingine.

Maelekezo yalisema barua isizidi ukurasa mmoja. Nikaandika kwamba tumesoma masharti na tunayakubali yote. Nikaja kwenye sifa zetu: miaka mitatu hakuna fundi aliyeumwa tumbo kwa chakula chetu, wapishi wote wamepimwa afya, jiko liko karibu na kambi. Leseni na cheti cha mlipakodi nikaviambatanisha.

Mimi kuongea mbele za watu siwezi, ila kwenye karatasi nasema kila kitu. Sharti mojawapo lilikuwa chakula kifike saa saba kamili kila siku. Nikakumbuka masika, bajaji ya chakula inavyozama kwenye tope. Nikaongeza sentensi moja: siku za mvua kubwa tunaweza kuchelewa nusu saa.

Nilimsomea mama yote. Nilipofika kwenye sentensi hiyo akacheka. "Iache ibaki. Wenyewe wanaijua hiyo njia."

Majibu yalikuja kwa barua: zabuni yetu haikukidhi masharti. Tukaenda Mtwara mjini, kwenye ofisi ya kampuni. Bwana wa manunuzi aliitikia shikamoo yangu, akafungua faili, akaweka kidole kwenye sentensi yangu.

"Mama, hapa mmeweka sharti lenu. Huku juu mnasema mnakubali yote, huku chini mnapunguza. Kamati haikufika hata kwenye bei."

"Baba, mvua si ya kwangu," mama akasema.

"Najua. Mngetuandikia kuomba ufafanuzi kabla ya siku ya mwisho, labda tungelegeza saa kwa wote. Sasa imefungwa."

"Na huyo aliyepata, njia yake haina tope?"

Yule bwana akafunga faili taratibu. "Ana tope, mama. Ila hakuliandika."

Nilitaka kusema kosa ni langu. Tulipotoka nje mama akaniuliza, "Kwa hiyo ungeishia kwenye 'tunakubali yote', ingetosha?"

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alijifunga upya kanga, akatangulia kuelekea stendi.

Ijumaa mkataba ukaisha. Jioni yake mama mdogo, aliyezoea kuloweka maharage ya kesho, alisimama na ndoo mlangoni. "Dada, niloweke kiasi gani?"

Mama alikuwa ameinamia sufuria kubwa anasugua masizi, na hakugeuka.

"Ya kula sisi tu."