Ringi na Gogo kwenye Mlango wa Stoo

Mwezi wangu wa kwanza wa kufundisha Fizikia hapa Serengeti, wanafunzi wanane wa kidato cha tano waliniletea fomu za kuhama tahasusi, waende kwenye michepuo isiyo na Fizikia. Wanane, yaani darasa zima. Nilikuwa nimetoka Tanga na begi moja na majivuno tele, na sasa nilikaribia kuwa mwalimu asiye na mwanafunzi.

Kwa hasira nikasema, "Tushindane. Ringi ya baiskeli na gogo la mviringo, kipi kitatangulia kufika chini ya mteremko? Mkipatia, nasaini zote."

Walicheka mpaka nikaona aibu. Nani hapa Morotonga hajakimbiza ringi kwa kijiti? Kiongozi wao, binti ambaye utotoni hakuna mvulana aliyemshinda kwa ringi, aliniuliza, "Ringi, madam. Kalamu unayo?"

Tuling'oa mlango wa stoo, tukauegemeza ukutani. Mimi kwa kupenda mambo yang'ae nikaupaka sabuni, tena nikauinamisha sana. Tukaachia. Vyote viwili viliteleza kama ndala kwenye tope, vikafika pamoja. Kelele zake! Ndipo nikakumbuka somo langu mwenyewe: hesabu ile ni ya kitu kinachoviringika bila kuteleza. Nimeyataka.

Nikauosha mlango, nikaukausha juani, nikaupiga msasa, nikauinamisha kidogo tu. Kisha nikachora mstari wa chaki penye robo tatu ya njia kutoka juu.

"Gogo likigusa chini, ringi itakuwa hapa."

"Kwa sababu gogo ni zito?" aliuliza mvulana mmoja.

"Wala. Kinachojalisha ni uzito umekaa wapi. Wa ringi wote uko pembeni, kwa hiyo nusu ya nishati yake inaishia kwenye kuzunguka. Wa gogo umeenea mpaka katikati. Linatumia theluthi tu. Hiyo ndiyo momenti ya inersia mnayoikimbia."

Binti akalala kifudifudi vumbini, jicho kwenye chaki. Nikaachia.

Gogo likagonga chini.

"Chaki!" alimpigia yowe yule mvulana. "Mura, we kijana, iko kwenye chaki! Hapa hapa!"

Tulirudia mpaka kengele ya jioni. Wakaleta gogo nene na jembamba, wakabishana, yakafika pamoja, tukaruka tena. Mimi pia niliruka, umadamu wote pembeni, sketi imejaa vumbi. Sijawahi kuwa na furaha ya kipuuzi namna ile.

Asubuhi binti alinifuata ofisini na fomu yake.

"Shikamoo madam. Naomba saini."

Nikajua nimempoteza. Akaigeuza. Nyuma yote ilijaa hesabu, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa: robo tatu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka vema kubwa, nikasaini pembeni yake.

Aliitazama kidogo, akaikunja.

"Na mpira wa miguu, madam? Tuuchoree chaki wapi?"