Kiti Kilichoelekea Njiani

Mwaka jana, mfua nguo wa hospitali yetu alifanya kazi sikukuu bila kuandikiana na msimamizi, akiamini kwamba badala yake Alhamisi atapumzika, aende kumtembelea mama yake. Ilipofika, akaambiwa, "Tulikubaliana lini? Mashuka yanakungoja." Siku hiyo mama alimngoja kibarazani mpaka roho ikamtoka kitini.

Tangu hapo, kila akikunja shuka husikia kiti kile cha mbao kikilia nyuma yake, kama mtu anayegeuka kutazama njia.

Mwaka huu alimwendea msimamizi wiki mbili kabla.

"Bosi, sikukuu ya Jumatatu nitafanya kazi. Badala yake nipumzike Alhamisi. Tuandikiane."

"Dada, mapema hivi? Hata kalenda haijaamka!"

"Mwaka jana nililala mimi."

Msimamizi akaacha kucheka. Wakaandikiana kwenye karatasi, wakatia sahihi wote wawili, na mfua nguo akapewa nakala.

Jumatatu akafua. Alhamisi asubuhi akaenda nyumbani kwa marehemu mama yake, akakuta kiti kibarazani bado kimeelekea njiani. Hakuthubutu kukikalia. Akachuchumaa kando, akaisoma ile karatasi kwa sauti, tarehe na sahihi zote.

"Mama, leo nimeruhusiwa."

Kiti kikalia mara moja, kama mtu anayeinuka, kikanyamaza.