Barua Mbili za Redempta

Redempta wa kijiji cha Mollo alizalisha wanawake zahanatini kwa miaka kumi na tisa, akiitwa mhudumu tu. Mwaka 1994 chuo cha uuguzi mjini Sumbawanga kilitangaza kwamba mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne, na pia barua ya zahanati au ya daktari. Yeye aliishia darasa la saba, basi akahangaika mpaka akapata barua zote mbili, akiamini ya pili itaziba pengo.

“Mama, barua moja ingetosha,” karani wa chuo alimwambia kwa upole. “Lakini hata ukileta kumi, hazisimami mahali pa cheti.”

“Na mikono yangu hii, mwanangu?”

Karani akamrudishia barua zake. Redempta akarudi Mollo kwa miguu, akilia njia nzima, na hakuomba tena popote.