Sifuri Nukta Sita

Kazi yangu katika ile maabara ya maji hapa Garissa ilikuwa kuosha vyombo. Shule niliishia darasa la tatu. Duksi, chuo cha Kurani, nilimaliza, ingawa marehemu mama alikuwa akisema mwalimu ndiye aliyechoka nami. Nambari lakini nilizijua, kwa sababu mtu wa mbuzi huhesabu kabla hajajua kuandika.

Kulikuwa na desturi pale. Ripoti haitiwi sahihi mpaka isomwe na watu wawili, mmoja na daftari la vipimo, mwingine na ripoti iliyochapwa. Watu wakipungua mimi nilishika ripoti, nikifuata kwa kidole. Mkaguzi alikuwa binti mmoja mkali, wa kabila letu, ananiita adeer, yaani ami, na bado ananifokea nikiacha sabuni kwenye chupa.

Siku hiyo tulisoma maji ya kisima kipya, upande wa Eldas. Kisima hicho nilikijua sana. Dada yangu na wajukuu wake walikuwa wanakingoja, kwa sababu cha kwao kilikuwa kimekauka kabisa. Nami, niseme ukweli, siku tatu kabla niliona ripoti juu ya meza, floraidi sifuri nukta sita, na mwisho unaoruhusiwa ni moja nukta tano. Nikampigia dada simu. "Abaayo, hameni. Maji ni mazuri." Wakahama.

"Kipimo cha kwanza," binti akasoma, "mia sita na kumi, mikrogramu. Cha pili sifuri nukta sita mbili, miligramu. Cha tatu vivyo hivyo. Huyu aliyepima! Vipimo vitatu, vizio viwili." Akagawanya mia sita na kumi kwa elfu moja, ikawa sifuri nukta sita moja, ndipo akajumlisha. "Wastani wameandika ngapi?"

"Sifuri nukta sita moja sita sita sita sita saba."

Akacheka. "Adeer, mashine yetu inaona desimali mbili tu. Hizo nyingine ameota? Na huku kwenye jibu amekata ikabaki sita peke yake. Tunafupisha mara moja, mwisho, tukimaliza hesabu. Kuzimua? Hakuna kilichoandikwa. Basi tunazidisha kwa moja."

Kuzimua ni kuongeza maji safi kwenye sampuli kali ili mashine iweze kuisoma, kwa sababu ile yetu haipiti miligramu mbili. Ukishasoma unarudisha, unazidisha. Akashika kalamu.

Mimi nikaishikilia ripoti. Kwa sababu sampuli ile ilinipita mikononi. Nilikuta kwenye beseni chupa ya shingo ndefu ya mililita mia, na bomba la kunyonyea la mililita kumi, vyote vina karatasi yenye nambari ya kisima kile. Maji ambayo hayakuzimuliwa hayachafui chupa hiyo. Aliyepima alikuwa ameenda likizo Lafey na simu yake haishiki. Sikufundishwa kemia, ila beseni langu nalijua.

"Kumi katika mia," nikasema. "Nimeosha mimi."

Aliniangalia. "Kumbukumbu ya beseni haiingii kwenye ripoti, adeer." Lakini aliinuka. Sampuli ilikuwa imebaki nusu chupa. Akaipima bila kuzimua, mashine ikakataa, imezidi. Akachukua mililita kumi, akajaza maji safi mpaka alama ya mia, akapima mara tatu: sita moja, sita tatu, sita mbili, zote na sifuri mbele. Wastani sifuri nukta sita mbili. Mara kumi.

"Sita nukta mbili," akasema polepole. "Maji haya yanapindisha mifupa ya watoto." Akaifuta ripoti ya zamani kwa mstari mmoja na sahihi yake, akaandika mpya. Kisima hakitafunguliwa kwa kunywa.

Nilitoka nje, nikasimama juani, nikampigia dada.

"Abaayo, nilikosea. Maji hayo msinywe. Watoto meno yataharibika, halafu mifupa."

"Leo?"

"Si leo. Miaka."

"Miaka! Walaal, mimi nakuuliza habari ya leo. Mbuzi wanne walianguka njiani tukija. Kisima kingine kiko wapi?"

Sikuwa na kisima. Nikasema nitauliza ofisini, na ofisini nilishauliza, wakaniambia lori la maji liko kwenye orodha.

"Wewe ulisema mazuri," akasema. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. "Sasa unasema mabaya. Ni yale yale, walaal. Pampu bado haijafungwa, nayaona hapa, meupe."

"Ni hesabu ilikosewa. Mara kumi."

"Basi mtoto nimpe moja ya kumi?"

Katika simu nilisikia maji yakiingia kwenye jerikeni, sauti nyembamba ya kwanza, kisha nzito, mpaka ikajaa. Akafunga kifuniko. Akasema watoto wanamwita, akakata.