Mwenye Dobi Aliyekanwa

Mtaani tulimwita Mama Povu. Kwa miaka mingi aliendesha dobi la mashuka ya hoteli, akiwa na wafanyakazi sita, akipanga zamu, akigombana na fundi wa mashine na kukagua kila shuka kabla halijarudi kwa mteja. Kisha hoteli iliyokuwa ikimpa karibu kazi yote ikanunua mashine zake yenyewe, dobi likafungwa. Tangu hapo alipita njia ya nyuma, asije akaulizwa biashara inaendeleaje. Watu tuna midomo, na mimi ni mmoja wao.

Hospitali ilipotangaza nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia, dada yake alimshauri asijiite mwenye biashara. Nani atamwajiri mtu aliyezamisha chombo chake mwenyewe? Aandike meneja, basi. Naye akaandika. Kama mdhamini wa kuulizwa habari zake, alimweka aliyekuwa mpiga pasi wake, akamwomba aseme vivyo hivyo akiulizwa. Mpiga pasi akasema kwenye simu sawa, bosi.

Kwenye usaili walikuwapo wawili, ofisa utumishi na muuguzi mkuu. Maswali ya kazi aliyajibu vizuri: mashuka machafu yasikutane na masafi hata mlangoni, yenye damu yaje kwenye mifuko yake, na mashine ikiharibika chumba cha upasuaji kihudumiwe kwanza. Akaanza kupumua. Ndipo muuguzi mkuu akauliza yule mwenye dobi alikosea wapi.

"Alimtegemea mteja mmoja," alijibu. "Nilimwonya, hakusikia."

Maneno yalimtoka kirahisi mno, na papo hapo uso ukamwaka moto. Jasho lake mwenyewe, analisengenya mbele ya wageni kana kwamba ni la mke mwenza. Aliona aibu hata kuinua macho.

"Hakuna aliyemwonya," akasema mwishowe. "Mwenye dobi ni mimi. Wateja wengine walikuja nikawakataa, kwa sababu hoteli ilinitosha."

Ofisa utumishi hakushtuka. "Tunajua. Mdhamini wako tulimpigia jana. Alisema bosi wake hakufunga mlango mpaka kila mfanyakazi wake alipopata kazi kwingine. Mbona hilo hukuliandika?"

Mama Povu alijibu kwa sauti ya chini kwamba alidhani nalo ni sehemu ya kushindwa.

Walimwambia aje Jumatatu, aanze kwa majaribio ya miezi mitatu. Nje ya geti alimpigia mpiga pasi, akiwa na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Mwenzake akamuwahi.

"Nisamehe, bosi. Nilijaribu kusema meneja, ulimi ukakataa. Nilimkumbuka yule aliyezunguka nami juani kunitafutia kazi. Sasa mtu kama huyo ningemkanaje?"

Mama Povu mwenyewe alikuwa amemkana mtu huyo kwenye usaili, asubuhi ile ile.