Nyuso za Chumba cha Suna

Miezi sita mpiga picha hakunilipa kodi, nami si mtu wa kuchekacheka na anayenila. Nilikuwa mjane. Kile chumba cha duka pale Suna ndicho kilichokuwa kikisomesha wanangu.

Kila nilipokwenda kudai, nyuso zilinitazama kutoka ukutani. Zilikuwa picha zilizokwisha kusafishwa, wenyewe hawakurudi kuzichukua.

"Walilipa nusu, mama," alisema. "Hiyo nusu ingine ndiyo kodi yako."

"Wafuate!"

"Wengi wamekufa."

Miaka ile ya ukimwi tulizika kila Jumamosi. Nilijua hasemi uongo, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Karani wa wakili alinipigia taipu barua ya mwisho ya kudai, ikimpa siku saba. Zikapita kavu. Nikanunua kufuli. Karani akanizuia: chumba cha biashara kisicho na mkataba wa maandishi hakifungwi hivyo. Kuna fomu ya sheria, itaje sababu, impe mpangaji angalau miezi miwili tangu aipokee. Ana mwezi mmoja wa kujibu. Akikataa, anakwenda kwa baraza la kodi za biashara, na hatoki mpaka lisikilize.

"Miezi miwili ale tena bure?"

"Ndiyo sheria, mama."

Mpiga picha aliisoma fomu akiwa amesimama, akatia sahihi kwenye nakala yangu. Kabla mwezi haujaisha akajibu kwamba atatoka.

Siku ya mwisho nilikuta amefunga kamera na taa zake. Ukuta ulikuwa vilevile.

"Na hawa?"

"Bibi yangu amekataa niingie na wafu kwa nyumba." Akanipa ufunguo, akaondoka kwenda kwao Mbita.

Nikaleta debe na kiberiti, nizichome. Picha ya kwanza niliyoibandua ilikuwa ya msichana aliyevaa sare ya shule. Mimi ni mtu wa kanisa, mizimu siiamini, lakini niliirudisha mahali pake na kutoka kinyumenyume. Niliogopa, kwa nini nifiche? Waliokuja kukitazama chumba walichungulia tu, wakaaga. Karo ya muhula huo nililipa kwa kuuza ng'ombe.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Macalder, vumbi hadi magotini, na risiti iliyokunjwakunjwa.

"Nimekuja kuchukua kijana yangu," alisema. "Alianguka kwa shimo la dhahabu. Tumemzika, na picha ingine hatuna."

Akamtambua pale juu, karibu na dirisha. Hakulia. Alifungua pindo la leso yake, sarafu zikalia.

"Imebaki ngapi, mama?"

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka, kiganja wazi, kama ulivyonyooka mlangoni pale miezi yote ile. Nikautazama, nikauonea aibu. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikautumia kumshusha mwanawe.