Maneno Manne Niliyoiachia Simu

Grupu la ukoo wetu lilikuwa na watu zaidi ya themanini na harusi moja, na wiki ile walikuwa wakigombania rangi ya nguo. Simu yangu ililia mpaka ofisini, ninakotafsiri hati za forodha, bosi akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Lakini kunyamazisha moja kwa moja sikuthubutu. Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa wa miaka mitatu, alikuwa mgonjwa kwao Kawempe.

Mwenzangu wa kazini, Mkenya, akaniwekea programu ya kuchuja arifa. Grupu likanyamaza kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ila ujumbe wenye neno nililochagua ungelia. Nikachagua manne: mgonjwa, hospitali, amefariki, mazishi. Nilijiona mjanja kweli.

Na ilifanya kazi. Siku ya kwanza ililia kwa sababu binamu aliuliza hospitali ya simu iko wapi, kioo chake kimepasuka. Nilicheka, moyo ukatulia.

Siku ya tatu ilikaa kimya tangu asubuhi. Nilikula mchana wangu kwa raha, naona haya kulisema. Saa kumi na nusu ikalia. Mtu alikuwa ameandika: "Mazishi yamekwisha salama. Mungu awalipe wote mliofika."

Nikapandisha ujumbe juu. Kwanza dua, dua tupu, watu arobaini wakiandika innalillahi, neno ambalo sikulichagua. Juu kabisa, saa tatu asubuhi, ujumbe wa sauti wa mjomba. Programu inasoma maandishi. Sauti haiisikii.

Nilimpigia nikipiga kelele kama mwendawazimu. Mbona hukuandika? Mbona hukunipigia?

"Si mimi nilisema kwa grupu? Kila mtu aliitika, nikajua nawe uko njiani," alisema, naye amechoka. "Kifo haiandikwagi, binti yangu. Inasemwa na mdomo. Hata baba yangu alinifundisha hivyo."

Nami nilifundishwa hivyo hivyo, katika nyumba ile ile aliyokulia yeye. Ndiyo maana sina wa kumlaumu, na bado namlaumu, yeye na harusi yao na rangi zao.

Nilifika Kawempe wanawake wakisuuza masufuria. Hakuna aliyenisema. Walinipisha tu kwenye mkeka, na huko kunipisha kuliniuma kuliko matusi.

Nilikuwa sijausikiliza ule ujumbe. Niliufungulia pale mkekani, simu sikioni. Mjomba alisema amefariki alfajiri, akataja saa ya kumtoa, kisha akanitaja mimi.

"Aliomba wewe ndiye umwoshe. Maji iko tayari. Tunakungoja."

Walingoja mpaka maji yakapoa, wakayapasha tena.